Kulipa deni la usingizi: kulala hadi mchana Jumamosi, kuwahi kitanda kila usiku, au kusubiri likizo?

Mtu anayeamka alfajiri kuwahi usafiri na kurudi nyumbani usiku hufika Ijumaa akijua kwamba hakulala vya kutosha, lakini ni nadra ajue amepungukiwa kiasi gani, na ni nadra zaidi ajue itamchukua usiku ngapi kurudisha alichopoteza. Kwa kawaida huchagua mojawapo ya njia tatu. Njia ya kwanza ni kulala hadi mchana mwisho wa wiki, ya pili ni kuwahi kitanda kila usiku na kuongeza usingizi wa mchana siku za mapumziko, na ya tatu ni kuvumilia hadi likizo. Njia hizi hazitoi matokeo sawa, na tofauti yake haionekani mpaka mtu apige hesabu. Kwa hiyo nitaanza na hesabu yenyewe, kisha nizilinganishe njia zote tatu kwa mtu mmoja wa mfano.

Jinsi ya kupata jumla ya wiki

Deni la usingizi ni tofauti kati ya usingizi ambao mwili wa mtu unauhitaji na usingizi alioupata, ikijumlishwa usiku baada ya usiku. Ili kulihesabu tunahitaji namba mbili tu, lakini zote mbili hukosewa mara kwa mara.

Namba ya kwanza ni mahitaji. Mwaka 2015 jumuiya mbili za Marekani, moja ya tiba ya usingizi na nyingine ya utafiti wake, zilikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Hicho ni kiwango cha chini kwa watu wazima kwa jumla, na hakimwambii mtu mmoja mmoja mahali pake hasa. Njia ya kuaminika zaidi ya kupata namba yako mwenyewe ni kipindi ambacho unaweza kulala bila kengele ya simu kwa wiki mbili hivi. Usiku nne au tano za mwanzo usizihesabu, kwa sababu katika usiku hizo mwili unalipa deni la zamani na usingizi huwa mrefu kupita kawaida. Wastani wa usiku zinazofuata, muda unapoacha kupungua, ndio mahitaji yako. Kosa linalofanyika hapa ni mtu kuchukua muda aliouzoea na kuuita mahitaji. Aliyelala saa 6 kwa miaka mitano atasema mwili wake unahitaji saa 6, ilhali kinachoonekana ni kwamba amezoea kuishi na upungufu.

Namba ya pili ni muda wa usingizi wenyewe, ambao si sawa na muda wa kukaa kitandani. Mtu mwenye afya huchukua dakika kadhaa kabla usingizi haujamchukua, na huamka mara chache usiku hata kama asubuhi hakumbuki. Ukitoa nusu saa kutoka kwenye muda wa kitandani, utakuwa karibu na ukweli kwa watu wengi. Nusu saa hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa usiku tano inakuwa saa 2 na nusu, nayo inatosha kupotosha hesabu nzima.

Tuchukue mtumishi wa ofisi anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam. Anaamka saa 10:30 alfajiri ili apande daladala kabla foleni haijakaza, na wastani wa mahitaji yake ni saa 7 na nusu za usingizi. Usiku zake tano za kazi zilikuwa hivi:

| Usiku wa | Kitandani | Muda wa kitandani | Usingizi | Pungufu |
|---|---|---|---|---|
| Jumapili | 4:30 usiku – 10:30 | saa 6 | saa 5½ | saa 2 |
| Jumatatu | 5:00 usiku – 10:30 | saa 5½ | saa 5 | saa 2½ |
| Jumanne | 5:30 usiku – 10:30 | saa 5 | saa 4½ | saa 3 |
| Jumatano | 5:00 usiku – 10:30 | saa 5½ | saa 5 | saa 2½ |
| Alhamisi | 6:00 usiku – 10:30 | saa 4½ | saa 4 | saa 3½ |

Mahitaji ya usiku tano ni saa 37 na nusu. Alizolala ni saa 24. Deni la wiki ni saa 13 na nusu. Kama angehesabu muda wa kitandani badala ya usingizi, angepata deni la saa 11 na kujiona ana nafuu ambayo hana. Zingatia pia kwamba usiku wa Jumapili unaingia kwenye wiki ya kazi, kwa kuwa ndio unaomwamsha Jumatatu. Wengi huuacha nje ya hesabu, na ndio utakaotuonyesha tofauti kubwa kati ya njia tunazolinganisha.

Kwa nini saa 13 na nusu hazirudishwi saa kwa saa

Kabla ya kulinganisha, lazima tueleze jumla hiyo inamaanisha nini mwilini. Januari 1964 kijana wa San Diego, Randy Gardner, alimaliza kukaa macho saa 264, yaani siku 11 kamili. Kwa mahitaji ya saa 7 na nusu kwa usiku, alikuwa amepoteza saa zaidi ya 80. Usiku wa kwanza baada ya hapo alilala zaidi ya saa 14, na baada ya muda mfupi akarudi kwenye usingizi wa kawaida. Saa nyingi alizopoteza hazikurudi kamwe. Sababu ni kwamba mwili haulipizi kila aina ya usingizi kwa kipimo kimoja. Unautanguliza usingizi mzito, ule wa mawimbi ya taratibu ya ubongo, ambao huchukua sehemu kubwa ya saa za mwanzo za usiku. Usingizi wa ndoto hufuata nyuma yake na hulipwa kwa sehemu, huku usingizi mwepesi ukiachwa bila kulipwa sana. Kwa hiyo idadi ya saa anazotakiwa mtu kurudisha inaweza kuwa ndogo kuliko jumla ya deni.

Wakati huohuo, idadi ya usiku zinazohitajika ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika utafiti wa taasisi ya kijeshi ya Walter Reed uliochapishwa mwaka 2003, watu waliruhusiwa kukaa kitandani saa 3, 5, 7 au 9 kwa usiku saba, kisha wote wakapewa saa 8 kwa usiku tatu. Hata wale waliokuwa wamepewa saa 7, ambazo wengi wetu tungeziona za kutosha, hawakurudi kwenye umakini wao wa mwanzo baada ya usiku hizo tatu. Utafiti wa Japani wa mwaka 2016 uliwaweka vijana wenye afya kitandani saa 12 kila usiku kwa siku tisa, na ukakadiria kwamba upungufu wa saa moja uliokuwa ndani yao ulichukua siku nne kuondoka. Utafiti wa Poland wa mwaka 2021 uliwapunguzia watu usingizi kwa siku kumi, kisha ukawapa siku saba za kujirekebisha. Kasi ya kuitikia ilirudi, lakini usahihi wa kazi na shughuli za umeme za ubongo havikurudi kikamilifu.

Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, kugawa deni kwa saa za ziada za kila usiku hakutoi jibu kamili, lakini kunatoa makadirio mazuri ya usiku zinazotakiwa. Ukweli wa kwanza unapunguza idadi ya saa na wa pili unaongeza idadi ya usiku, na kwa deni la wiki moja makadirio hayo hukaa katikati. Nitayatumia hivyo, nikimwomba msomaji ayachukulie kama makadirio.

Njia ya kwanza: kulala hadi mchana Jumamosi na Jumapili

Mtumishi wetu analala Ijumaa saa 6:00 usiku na kuamka saa 4:00 asubuhi. Amekaa kitandani saa 10 na kulala saa 9 na nusu, yaani saa 2 zaidi ya mahitaji. Anarudia hivyohivyo Jumamosi. Amelipa saa 4, na deni lake linashuka kutoka 13 na nusu hadi 9 na nusu. Jumapili anajisikia mtu mpya, na hisia hiyo si ya uongo, kwa sababu usingizi mzito umelipwa kwanza na kichwa kimekuwa chepesi.

Tatizo linaanza Jumapili usiku. Hamu ya usingizi hujengeka kadiri mtu anavyokaa macho, na aliyeamka saa 4:00 asubuhi hana hamu ya kutosha inapofika saa 4:00 usiku. Zaidi ya hapo, mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na kwa siku mbili ameukosa mwanga wa saa za mwanzo. Saa yake ya ndani imechelewa kama ya mtu aliyesafiri kwenda nchi ya magharibi, ndiyo maana watafiti huiita hali hii uchovu wa safari wa kijamii. Anajigeuza kitandani mpaka usingizi unamchukua saa 6:30 usiku, na kengele inalia saa 10:30 alfajiri kama kawaida. Amelala saa 4. Jumapili iliyopita alilala saa 5 na nusu, kwa hiyo usiku huu umemnyang'anya saa moja na nusu nyingine.

Usiku nyingine za wiki zikibaki zilivyokuwa, wiki ya pili inaongeza saa 15 badala ya 13 na nusu. Ijumaa inayofuata deni linasoma 24 na nusu. Hapa hakuna idadi yoyote ya mwisho wa wiki itakayolimaliza, kwa sababu malipo ni saa 4 na mkopo ni saa 15.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder uliochapishwa mwaka 2019 ulipima jambo hilihili. Kundi moja lililala saa zisizozidi 5 siku za kazi, likaachwa lilale litakavyo mwisho wa wiki, kisha likarudishwa kwenye saa 5. Saa zao za mwili zilichelewa, na waliporudi kwenye usingizi mfupi uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umeshuka. Mwisho wa wiki haukuwakinga.

Hata hivyo, haki itendeke kwa njia hii. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2018 uliowafuatilia watu zaidi ya elfu 40 kwa miaka 13 ulionyesha kwamba miongoni mwa walio chini ya miaka 65, wanaolala kidogo siku za kazi lakini kwa muda mrefu mwisho wa wiki hawakuwa na vifo vingi kuliko wanaolala vizuri siku zote, tofauti na wanaolala kidogo wiki nzima. Huo ni ufuatiliaji wa watu katika maisha yao, si jaribio, na hauthibitishi kwamba usingizi wa Jumamosi ndio uliowaokoa. Lakini unatosha kutuzuia tusimwambie mtu asiye na nafasi nyingine aweke kengele Jumamosi alfajiri. Kama hii ndiyo njia pekee uliyonayo, itumie Jumamosi na uiache Jumapili. Wanaowahi misa ya kwanza hufanya hivyo bila kukusudia, na usiku wao wa Jumapili huwa mwepesi zaidi.

Njia ya pili: kuwahi kitanda kila usiku, na kailula siku za mapumziko

Njia hii inaanza mahali tofauti. Kabla ya kulipa lolote, inasimamisha mkopo. Mtumishi wetu anayeamka saa 10:30 alfajiri lazima awe kitandani saa 2:30 usiku ili apate saa 8 za kitandani na saa 7 na nusu za usingizi. Hapo halipi chochote, ila hakopi tena.

Malipo yanafanyika Ijumaa na Jumamosi. Anaingia kitandani saa 3:30 usiku na kuamka saa 12:30 asubuhi, akapata saa 8 na nusu za usingizi, yaani saa moja ya ziada kila usiku. Jumamosi saa 8:00 mchana analala saa moja na nusu, muda unaotosha mzunguko mmoja kamili wa usingizi mzito na wa ndoto. Jumapili anapumzika nusu saa tu, na kabla ya saa 9:00 alasiri, ili asiharibu usiku. Jumla ni saa 4 kwa wiki, sawasawa na njia ya kwanza. Tofauti ni kwamba tofauti ya kuamka kati ya siku za kazi na za mapumziko ni saa 2 badala ya 5 na nusu, kwa hiyo Jumapili usiku usingizi unakuja kwa wakati.

Deni linashuka kutoka 13 na nusu hadi 9 na nusu, kisha 5 na nusu, kisha saa moja na nusu, na mwisho wa wiki wa nne linamalizika.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi katika ulinganisho huu ni ile saa 2:30 usiku, kwa sababu njia nzima imesimama juu yake. Akichelewa nusu saa tu na kuingia kitandani saa 3:00, anapungukiwa nusu saa kila usiku wa kazi, jumla saa 2 na nusu. Malipo halisi ya wiki yanabaki saa moja na nusu, na deni lililokuwa liishe kwa wiki nne sasa linachukua wiki tisa. Akiingia saa 3:30, anapungukiwa saa 5 kwa wiki na kulipa 4, na deni linakua polepole huku yeye akiamini kwamba analala mapema. Hakuna kitu kingine katika mpango huu chenye uzito kama nusu saa hiyo, si chai ya tangawizi wala godoro jipya.

Najua pia kwamba kwa mtu anayetoka Posta saa 11:00 jioni na kufika Chanika saa 1:30 au 2:00 usiku, kuwa kitandani saa 2:30 ni jambo gumu kweli. Anakula, anaoga, anaongea na watoto, anapiga pasi nguo za kesho, na saa 3:30 imeshapita. Kinachosaidia ni kuhamisha kazi kutoka usiku kwenda Jumapili mchana: kupiga pasi nguo za wiki nzima, kuchemsha maharage na kuyagawa, kupanga sare za shule. Ikishindikana kuifikia saa 2:30, kuna kipande kingine cha kuziba pengo, nacho ni usingizi wa nusu saa wakati wa mapumziko ya mchana ofisini, baada ya chakula au baada ya swala ya adhuhuri, kwa wale wanaoweza kupata kiti na kona tulivu. Nusu saa mara tano ni saa 2 na nusu, sawa kabisa na alichopoteza kwa kuingia kitandani saa 3:00. Usizidishe hapo, kwa sababu baada ya nusu saa mtu huingia kwenye usingizi mzito na kuamka akiwa na kichwa kizito kwa muda mrefu. Usingizi wa kwenye daladala mimi siuhesabu. Ni mwepesi, unakatwakatwa kila kituo, na anayelala ameegemea dirisha hapati kile mwili unachokitanguliza.

Njia ya tatu: kusubiri likizo

Likizo ya wiki moja ya kazi, ikiunganishwa na mwisho wa wiki wa kabla na wa baada, ina usiku tisa kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi ya pili yake. Akilala wastani wa saa 9 kwa usiku, analipa saa moja na nusu kila usiku, na mara tisa ni saa 13 na nusu. Deni la wiki moja linaisha kwa likizo moja, na kwa karatasi njia hii ndiyo ya haraka kuliko zote.

Mwili nao husaidia kuonyesha hatua ilipofika. Usiku mbili za mwanzo usingizi unaweza kufika saa 10, kisha unapungua wenyewe hadi 9, halafu 8 na nusu. Siku mtu anapoamka mwenyewe kwa muda uleule kwa usiku tatu mfululizo bila kengele, sehemu kubwa ya deni imeondoka, na muda huo aliolala ndio mahitaji aliyokuwa akiyatafuta mwanzoni mwa hesabu.

Upungufu wa njia hii ni kwamba mtu hafiki likizo akiwa na deni la wiki moja. Anafika akiwa na miezi ya kulala saa 5, na hakuna usiku tisa zinazolipa miezi. Utafiti wa Poland niliotaja ulikuwa na siku kumi tu za upungufu, na siku saba hazikutosha. Kuna pia maisha yenyewe: likizo ya kwenda nyumbani huanza kwa kuwahi basi la alfajiri, na usiku za kwanza ni za mazungumzo na wageni. Anayetaka likizo imlipie deni atenge usiku nne za mwisho, si za mwanzo, na azitumie nyumbani kwake. Siku mbili za mwisho aanze kuamka mapema hatua kwa hatua, vinginevyo usiku wa kurudi kazini utakuwa kama ule wa Jumapili katika njia ya kwanza.

Nani achague ipi

Kwa mwenye deni la wiki moja au mbili na ratiba isiyobadilika, ushauri wangu ni njia ya pili, hata kama saa 2:30 usiku haifikiwi kila siku. Ni njia pekee kati ya tatu ambayo deni linaposhuka halirudi juu. Aliyepata wiki moja ngumu tu, kama vile ya kufunga hesabu au ya kuuguza mgonjwa hospitalini, na wiki inayofuata ana ratiba ya kawaida, anaweza kutumia njia ya kwanza kwa Jumamosi moja, mradi asiiguse Jumapili. Kwake mkopo umeshasimama wenyewe. Likizo inamfaa aliyekaa muda mrefu na upungufu, lakini kama mwanzo wa njia ya pili na si badala yake.

Walinzi na wauguzi wa zamu za usiku hawamo katika ulinganisho huu. Usingizi wao wa mchana hukatwa na mwanga, joto na kelele, na kuupima kwa kutoa nusu saa tu kutawapa namba nzuri kuliko hali yao.

Dalili kwamba deni linapungua, na dalili kwamba tatizo ni jingine

Hisia si kipimo cha kutegemea. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapa watu saa 6 kitandani kwa siku 14, na umakini wao ukazidi kushuka mpaka ukafanana na wa mtu aliyekesha usiku mzima, lakini walipoulizwa walisema wana usingizi kidogo tu. Baada ya siku chache za mwanzo, hisia ya uchovu iliacha kupanda huku makosa yakiendelea kuongezeka. Dereva wa bodaboda au wa lori mwenye deni la wiki mbili atasema kwa dhati kwamba yuko sawa.

Tazama mambo yanayoonekana. Ukilala mchana Jumamosi na usingizi ukakuchukua ndani ya dakika 5, deni bado ni kubwa, na dakika zikifika 15 au zaidi limepungua sana. Tofauti kati ya muda unaoamka siku za kazi na siku usizoweka kengele ikishuka chini ya saa 2, njia yako inafanya kazi. Jaribio la rafiki kuachia rula nawe uidake linapendwa sana, lakini linapima kasi ya kuitikia peke yake, nayo ndiyo inayorudi kwanza. Afadhali uhesabu makosa yako ya kazi ya kila siku, kama namba ulizozirudia au ujumbe ulioutuma kwa mtu asiyehusika.

Ukifuata njia ya pili kwa wiki nne, usiku zako zikafika saa 7 na nusu kweli, na bado unasinzia mchana, acha kuhesabu saa. Mwulize unayelala naye kama unakoroma kisha pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, kwa sababu mtu wa aina hiyo anaweza kukaa kitandani saa 9 na akapata usingizi uliovunjika. Angalia dawa unazomeza, kwani piritoni za mafua huacha usingizi unaoendelea hadi siku inayofuata. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana kabisa na deni la usingizi, navyo hupimwa kwa damu, kwa hiyo nenda kituo cha afya na karatasi yako ya hesabu ya wiki hizo nne, ili mganga aone kwamba saa zilikuwepo.